Tarakimu tisa zisizo na nchi

923 609 016.

Hicho ndicho kilichobaki chini ya karatasi. Kichwa cha barua kimekatwa wakati wa kuskani, jina la kampuni limefunikwa na muhuri, na penye anwani pana doa jeusi la mashine ya kunakili. Tarakimu tisa zimepangwa tatutatu, hazina herufi mbele wala nyuma. Swali ni moja: namba hii imetoka kwenye daftari la makampuni la nchi gani?

Karatasi yenyewe nimeitunga. Namba ni ya kweli, tena ni ya kampuni kubwa ambayo watu wa Lindi na Mtwara wameshaisikia. Nimeichagua kwa sababu ina mtego ndani yake, na mtego huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ukifuata kanuni zinazoaminika, zote kwa usahihi, namba hii inakupa nchi mbili.

Nchi mbili, na zote mbili hesabu inazikubali.

## Anza na macho

Kabla ya kushika kalamu, tazama umbo. Tarakimu tisa ni urefu unaopendwa sana. Ufaransa wanautumia kwa namba ya kampuni iitwayo SIREN, Norwe kwa namba ya shirika, Ureno kwa namba ya mtu wa kisheria, Australia kwa namba ya kampuni iitwayo ACN. Rwanda pia kampuni hupewa namba ya tarakimu tisa, ambayo hapohapo ndiyo namba yake ya mlipakodi. Na Tanzania TIN ina tarakimu tisa, ingawa hiyo ni namba ya kodi na haitoki kwa msajili wa makampuni.

Nafasi kati ya tarakimu hazisaidii. Nyingi kati ya nchi hizo huandika tatutatu, na hata zisingefanya hivyo, nafasi huwekwa na anayechapa barua, si na daftari.

Kinachosaidia ni herufi zinazoizunguka namba, kama zimeachwa. Barua ya kampuni ya Orange, ambayo Wakongo wanaijua kwa simu, itasoma hivi chini yake: 380 129 866 RCS Nanterre. RCS ni daftari la biashara na makampuni la Ufaransa, na Nanterre ni mji wenye ofisi ya mahakama inayolitunza. Hapo hakuna cha kukisia. Namba ya Uswisi hutanguliwa na CHE. Ya Norwe mara nyingi hufuatwa na MVA, maana yake kampuni imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani.

Shida ni kwamba herufi hizo ndizo za kwanza kupotea. Mtu anajaza fomu yenye kisanduku kilichoandikwa "namba ya usajili", naye anaandika namba. RCS Nanterre haionekani kuwa namba, kwa hiyo anaiacha.

## Tarakimu ya mwisho haihesabu kitu

Kwenye namba nyingi za aina hii, tarakimu ya mwisho si sehemu ya mfululizo. Imekokotolewa kutoka kwenye zile nane za kwanza, ili mtu akikosea kuchapa, kosa lionekane. Tuiite tarakimu ya uhakiki. Kila nchi ina kanuni yake, na hapo ndipo namba isiyo na nchi inapoanza kusema: unaipitisha kwenye kanuni ya kila nchi inayowezekana na kutazama ipi inaikataa.

Tuanze na Ufaransa. Kanuni yao ndiyo ileile ya kadi za benki, iitwayo Luhn. Unaanzia kulia. Tarakimu ya kwanza unaiacha ilivyo, ya pili unaizidisha kwa mbili, ya tatu unaiacha, ya nne mara mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Zao likizidi 9, toa 9. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki.

Kabla ya kuijaribu kanuni yoyote kwa namba usiyoijua, ijaribu kwanza kwa namba unayoijua. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanaanzia kushoto badala ya kulia na kuikataa namba halali. Ile ya Orange, 380129866, ukianzia kulia inatoa 6, 3, 8, 9, 2, 2, 0, 7, 3. Jumla ni 40. Sawa, mkono umeshika kanuni.

Sasa yetu, 923609016: 6, 2, 0, 9, 0, 3, 3, 4, 9. Jumla ni 36.

Si SIREN. Ufaransa imetoka, na imetoka moja kwa moja, mradi namba imenakiliwa sawasawa.

Australia nayo haina ugumu. Tarakimu nane za kwanza zinazidishwa kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, unajumlisha, na tarakimu ya tisa ni ile inayohitajika kufikia kumi inayofuata. Jumla yetu ni 162. Kufikia 170 inahitajika 8, sisi tuna 6. Nayo imetoka.

Norwe wanatumia kumi na moja badala ya kumi, na vizidishi vyao vina mpangilio wa ajabu kidogo:

```
namba       9   2   3   6   0   9   0   1
kizidishi   3   2   7   6   5   4   3   2
zao        27   4  21  36   0  36   0   2   jumla 126
```

Gawa 126 kwa 11, baki ni 5. Toa 5 kwenye 11, unapata 6. Tarakimu ya mwisho ya namba yetu ni 6.

Imepita. Na mtu mwenye haraka angefunga faili hapo.

## Mtego

Ureno nao hutumia kumi na moja. Vizidishi vyao ni vya kawaida zaidi: 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, vinashuka kama ngazi.

```
namba       9   2   3   6   0   9   0   1
kizidishi   9   8   7   6   5   4   3   2
zao        81  16  21  36   0  36   0   2   jumla 192
```

192 ukigawa kwa 11, baki ni 5. Kumi na moja toa tano ni 6.

Nayo imepita.

Mara ya kwanza ukiona hivi unadhani umekosea kujumlisha. Hukukosea. Tazama vizidishi vya nchi hizo mbili vikiwa juu na chini: kuanzia nafasi ya tatu hadi ya nane vinafanana kabisa, 7, 6, 5, 4, 3, 2. Vinatofautiana kwenye nafasi mbili za mwanzo tu. Ureno ina 9 na 8, Norwe ina 3 na 2. Tofauti ni 6 kwenye kila nafasi.

Maana yake, jumla ya Ureno huizidi jumla ya Norwe kwa mara sita ya tarakimu mbili za kwanza zikijumlishwa. Namba yetu inaanza na 9 na 2. Tisa na mbili ni kumi na moja. Mara sita ni 66, na 66 inagawanyika kwa 11 bila baki. Kwa hiyo baki halibadiliki, na tarakimu ya uhakiki haibadiliki.

Si bahati ya namba moja, basi. Kila namba ya Norwe inayoanza na 92 itapita kanuni ya Ureno. Na kila inayoanza na 83 vilevile, maana nane na tatu nazo ni kumi na moja.

Ukitaka kuona hali ya kawaida, chukua namba ya Telenor, kampuni ya simu ya Norwe: 982463718. Jumla kwa vizidishi vya Norwe ni 146, baki 3, uhakiki 8. Ndivyo ilivyo. Kwa vizidishi vya Ureno jumla ni 248, baki 6, uhakiki ungekuwa 5. Ureno inaikataa, kama inavyopaswa. Laiti ningeanza na namba hii, nisingeuona mtego kabisa.

Kinachoamua kati ya nchi hizo mbili ni tarakimu ya kwanza. Namba za Norwe huanza na 8 au 9. Ureno, kampuni za biashara huanza na 5, na zinazoanza na 1, 2 au 3 ni za watu binafsi. Namba yetu inaanza na 9, basi inaelekea Norwe.

Nimesema inaelekea. Mpaka hapo bado ni dalili.

## Kupita si kuthibitishwa

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaoiona kanuni ya uhakiki kama muhuri. Kanuni hizi zilitungwa kukamata makosa ya kuchapa ndani ya nchi moja, ambako tayari unajua daftari ni lipi. Hazikutungwa kutambua nchi.

Andika tarakimu tisa zozote zinazokujia kichwani. Uwezekano wa kupita kanuni ya Ufaransa ni moja kati ya kumi. Australia, moja kati ya kumi. Ureno, moja kati ya kumi, maana huko baki likiwa 0 au 1 tarakimu ya uhakiki huwa 0, kwa hiyo kila namba ya tarakimu nane hupata ya tisa. Norwe ni kali kidogo: hesabu ikitoa 10, namba hiyo haitolewi kabisa, na uwezekano unashuka hadi moja kati ya kumi na moja.

Ukipitisha namba ya kubuni kwenye kanuni zote nne, uwezekano wa kukubaliwa na angalau nchi moja ni karibu theluthi. Tapeli asiyejua lolote kuhusu Luhn, anayebofya tarakimu ovyo, ana nafasi ya theluthi ya kuonekana ana kampuni mahali fulani duniani. Ongeza nchi nyingine kwenye orodha yako na nafasi yake inakua.

Kwa hiyo kanuni nazitumia kwa kukataa tu. Ikikataa, nchi hiyo inaondoka, au namba imenakiliwa vibaya. Ikikubali, nimepata mahali pa kwenda kuuliza.

## Sifuri zilizoanguka

Yote hayo yanategemea kwamba tarakimu tisa ni tisa kweli. Mara nyingi sivyo.

Uingereza ndiyo shule nzuri ya jambo hili. Companies House, msajili wao wa makampuni, hutoa namba ya nafasi nane. Tesco ni 00445790. Ifungue orodha ya wauzaji kwenye Excel na utaikuta Tesco imekuwa 445790, kwa sababu Excel imeiona ni idadi, na idadi haianzi na sifuri. Sasa una tarakimu sita na unaanza kutafuta nchi yenye namba za tarakimu sita.

Ukiwa na hakika kwamba safu nzima ni ya Uingereza na Welisi, sifuri zinarudi kwa fomula hii:

```
=TEXT(A2,"00000000")
```

Lakini hakika hiyo uitafute kwanza, maana Uskoti na Ayalandi ya Kaskazini zina herufi mbili mbele: SC na NI, kisha tarakimu sita. NatWest Group, benki yenye makao Edinburgh, ni SC045551. Mtu aliyeondoa herufi kwa sababu mfumo wake unakubali tarakimu tu ameacha 045551. Excel ikala sifuri, ikabaki 45551. Fomula ya juu ikazirudisha sifuri: 00045551. Umepata namba yenye umbo halali kabisa la Uingereza, nafasi nane, na si ya benki hiyo.

Namba za Uingereza hazina tarakimu ya uhakiki. Hakuna hesabu itakayokuonya. Kinachobaki ni kulinganisha jina na lile lililo kwenye daftari, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo nikiona namba fupi kuliko inavyostahili, swali langu la kwanza huwa: imepita kwenye jedwali la nani? Dalili ni rahisi. Tazama safu nzima. Kama namba zina urefu tofautitofauti, tano, sita, saba, nane, na hakuna hata moja inayoanza na sifuri, basi sifuri zimeliwa.

## Namba isiyo na mji

Kuna nchi ambako hata namba kamili haitoshi, kwa sababu daftari si moja. Ujerumani namba hutolewa na mahakama ya eneo. HRB ni sehemu ya daftari inayobeba kampuni za hisa na zile za dhima yenye kikomo, lakini HRB 6684 ya Munich na HRB 6684 ya Hamburg ni vitu viwili. Siemens yenyewe imo katika madaftari mawili: HRB 6684 Munich na HRB 12300 Charlottenburg, Berlin. Kampuni moja, namba mbili, zote sahihi. Anayeandika "HRB 6684, Ujerumani" ameandika nusu ya anwani.

Karibu na kwetu, somo lilelile lipo Kongo, na pale lina utamu wake.

Barua ya kampuni ya Lubumbashi kwa kawaida hubeba namba tatu mstari mmoja. Ya kwanza ni RCCM, ndiyo ya daftari la biashara. Umbo lake ni kama hili, namba yenyewe nimeiacha tupu:

```
CD/LSH/RCCM/14-B-.....
```

CD ni nchi. LSH ni Lubumbashi, ingawa utaikuta pia imeandikwa L'SHI. Kinshasa ni KIN au KNG. Kisha mwaka kwa tarakimu mbili, kisha herufi: A ni mfanyabiashara binafsi, B ni kampuni. Mwisho ndiyo namba ya mfululizo. Umbo hili linatokana na OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi 17, nyingi zikiwa za Afrika Magharibi na Kati, kwa hiyo nchi jirani kwenye umoja huo zina ndugu zake: ya Abidjan huanza na CI-ABJ, ya Dakar na SN-DKR. Nchi na mji vimo ndani ya namba yenyewe. Laiti wote wangefanya hivyo.

Namba ya pili ni Id. Nat., kitambulisho cha taifa cha biashara, chenye vistari na mara nyingi herufi N katikati. Ya tatu ni ya kodi: herufi A, tarakimu saba, herufi moja mwishoni. Anayejaza fomu kwa haraka mara nyingi huchukua hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo fupi na inaingia kwenye kisanduku. Ni namba ya kweli, ya kampuni ileile, lakini ukienda nayo kwenye daftari la biashara hawatakupa kitu.

Kenya kuna mkanganyiko uleule. Namba inayoanza na P, ikifuatwa na tarakimu tisa na herufi moja, ni PIN ya mamlaka ya mapato. Usajili wa kampuni una sura nyingine, na umebadilika kwa vizazi: za zamani zina C na namba, zikaja CPR na mwaka katikati, na sasa PVT- ikifuatwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Ukiona CPR/2011 hujakosea nchi, ila unajua cheti kimetolewa kabla ya mfumo wa sasa.

Turudi kwenye ile 14 ya Lubumbashi, maana hapo watu wengi wanaanguka. Wanasoma 14-B na kusema kampuni imezaliwa 2014, wanaikuta inadai ina miaka arobaini, wanaiita ya uongo. Sheria za OHADA zilianza kutumika Kongo tarehe 12 Septemba 2012. Kabla ya hapo kulikuwa na daftari jingine, lenye namba za NRC. Kampuni zilizokuwepo zilihamia RCCM, ndiyo maana 13 na 14 zimejaa kwenye barua za kampuni kongwe. Mwaka ulio ndani ya namba ni mwaka daftari lilipoipokea kampuni. Kampuni yenyewe yaweza kuwa na umri wa babu.

Ukitaka mwaka unaokaribia zaidi ukweli, nenda Afrika Kusini. MTN Group, ambayo Waganda na Wanyarwanda wanaijua, ni 1994/009584/06. Mwaka, namba, aina. 06 ni kampuni ya umma, 07 ni ya binafsi, 23 ni ile kampuni ndogo waliyoiita CC. Na hapo kuna kipimo kinachofanya kazi vizuri: sheria mpya ilianza tarehe 1 Mei 2011 na kufunga mlango wa kusajili CC mpya. Namba yenye mwaka 2015 mbele na 23 nyuma ina maelezo ya kutoa.

## Kwenda kuuliza

Basi tuna tarakimu tisa, Ufaransa na Australia zimetoka kwa hesabu, Ureno imetoka kwa tarakimu ya kwanza. Rwanda na TIN ya Tanzania nazo nimeziweka kando kwa sababu hiyohiyo: nilizoziona huanza na 1. Imebaki Norwe, na Norwe daftari liko wazi kwa kila mtu, bila akaunti wala malipo:

```
https://data.brreg.no/enhetsregisteret/api/enheter/923609016
```

Jibu linakuja kama data tupu. Penye `navn` pana jina, na penye `organisasjonsform` pana aina ya kampuni. Jina ni Equinor, aina ni ASA, kampuni ya hisa ya umma.

Kama anwani hiyo ingesema haipo, bado nisingeitupa namba. Norwe, matawi na vituo vya kazi hupewa namba zao, tarakimu tisa kutoka mfululizo uleule, zenye kupita kanuni ileile. Hizo huishi upande wa pili wa daftari. Badilisha `enheter` iwe `underenheter` na uulize tena. Ikijibu huko, unashika namba ya kituo, na ndani ya jibu utaikuta namba ya kampuni mama.

Equinor ndiyo iliyokuwa Statoil hadi 2018. Jina lilibadilika, namba haikuguswa. Mkataba wa 2012 wenye jina Statoil na wa 2019 wenye jina Equinor vinaungana kwa tarakimu hizo tisa, na anayetafuta kwa jina tu atadhani ni kampuni mbili. Wala namba haisemi umri: kampuni iliundwa 1972, na daftari lililo na namba hizi, Enhetsregisteret, lilianza 1995.

Bado kuna jambo moja la karatasi yetu. Anayeshughulika na gesi ya Kitalu namba 2, baharini mbele ya Lindi, ni Equinor Tanzania AS. Hizo herufi AS ni za Kinorwe, kampuni ya hisa isiyo ya umma. Ni kampuni ya Norwe yenye namba yake ya Norwe, tofauti na ya mama. Na kampuni ya kigeni ikifungua ofisi Tanzania Bara hupewa na BRELA hati ya kampuni ya kigeni, yenye namba nyingine tena. Zanzibar ingekuwa daftari jingine kabisa, BPRA.

Kwa hiyo kama chini ya doa lile jeusi jina linasomeka Equinor Tanzania AS huku namba ikiwa 923609016, namba ni halali, nchi ni sahihi, na kampuni siyo. Aliyejaza fomu alitafuta jina mtandaoni akachukua la kwanza lililotokea.

Kama jina ni la mama, mstari wa faili ni huu, na daftari linatangulia namba:

```
NO | Enhetsregisteret | 923609016 | ASA
```